Mwenyewe Akikifuta, Wewe Unabaki na Nini?

Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa sita na nusu usiku, kuamkia Jumatano ya tarehe 23 Machi 2016. California ilikuwa bado Jumanne, saa nane na nusu mchana, na watu wa kompyuta walikuwa kazini. Miradi ambayo asubuhi ile ile ilikuwa inajengeka bila tatizo ikaanza kukwama mmoja baada ya mwingine, na kwenye skrini yakawa yanatokea maneno ya namna hii:

```
npm ERR! 404 'left-pad' is not in the npm registry.
npm ERR! 404 It was specified as a dependency of 'line-numbers'
```

Maana yake ni kwamba kitu kinachoitwa left-pad hakimo tena kwenye rejista, na aliyekitaka ni kitu kingine kinachoitwa line-numbers. Wengi waliousoma ujumbe huo hawakuwa wamewahi kusikia jina hata moja kati ya hayo mawili. Hawakuwa wamegusa chochote kwenye kazi zao. Hata hivyo kazi zilikuwa hazijengeki, na kampuni ya npm, inayoendesha rejista hiyo, ilikuwa inaona mamia ya maombi yakishindwa kila dakika.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza kujua jinsi programu zinavyotengenezwa siku hizi. Anayeandika programu haanzi kila kitu mwenyewe. Kazi ndogo ndogo zinazojirudia, kama kupanga tarehe, kukagua kama barua pepe imeandikwa sawasawa au kusoma faili, zilishaandikwa na watu wengine, wakazifunga kama vifurushi na kuziweka kwenye rejista ya umma ili yeyote azichukue bure. Kwa wanaotumia lugha ya JavaScript, rejista hiyo ni npm. Mwandishi wa programu anaorodhesha vifurushi anavyovitaka kwenye faili moja linaloitwa `package.json`, anaandika amri `npm install`, na kompyuta inakwenda kuvileta vyote. Vile alivyovitaka navyo vina orodha zao, kwa hiyo vinaletwa na vya hivyo pia, na vya hivyo vingine. Mtu aliyeomba vifurushi kumi anaweza kujikuta na mamia kwenye folda lake, na hajui majina ya wengi wa walioviandika.

Jambo la pili ni kwamba vifurushi hivyo haviletwi mara moja tu. Kampuni nyingi zina seva maalumu ambazo kazi yake ni kuujenga mradi upya kila mtu anapobadilisha mstari mmoja wa msimbo, na seva hizo kwa kawaida huanza zikiwa tupu. Ni kama fundi seremala asiyeweka hata msumari mmoja karakanani, ambaye kila asubuhi anakwenda dukani kununua misumari ya kazi ya siku hiyo. Siku duka likiwa wazi hakuna anayeuona udhaifu huo. Ndiyo sababu kitu kikiondolewa kwenye rejista, athari zake hazisubiri wiki wala mwezi. Zinaonekana katika dakika ile ile, popote ambapo kuna seva inajenga.

Sasa tukitazame kifurushi chenyewe. left-pad kilikuwa na mistari 11 ya msimbo, ukiacha mistari mitupu, na kazi yake ilikuwa moja: kuongeza herufi upande wa kushoto wa neno au namba mpaka ifikie urefu unaoutaka. Ukikipa 7 na kukiambia unataka tarakimu tatu zenye sifuri mbele, kinakurudishia 007. Kiini chake ni hiki:

```js
len = len - str.length;
while (++i < len) {
  str = ch + str;
}
return str;
```

Yaani, hesabu ni herufi ngapi zimepungua, kisha ziongeze moja moja mbele. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza anaweza kuyaandika hayo. Baada ya mkasa watu wengi walicheka: inakuwaje mtu akatembee mtandaoni kutafuta kitu kidogo namna hiyo? Kicheko hicho kina haki yake, lakini naona kinalenga pabaya. Kama left-pad kingekuwa na mistari elfu kumi, kufutwa kwake kungeleta madhara yale yale, tena makubwa zaidi, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kukiandika upya kwa dakika tano. Udogo wake ulikuwa bahati.

Aliyekiandika ni Azer Koçulu, mwandishi wa programu mwenye asili ya Uturuki aliyekuwa akiishi Oakland, California. Alikuwa na vifurushi vingi kwenye npm, na kimoja kati ya hivyo kiliitwa kik. Ugomvi ulianzia kwenye hicho, wala left-pad hakikuhusika kabisa. Huko Waterloo, Kanada, kulikuwa na kampuni iliyokuwa na programu ya kutumiana ujumbe kwenye simu, nayo iliitwa Kik. Mwezi huo wa Machi 2016 mtu wa kampuni hiyo anayeshughulikia hataza alimwandikia Koçulu barua pepe, akimwomba aliachie jina kwa kuwa wao walitaka kulitumia kwa kifurushi chao wenyewe. Koçulu alikataa. Barua zilizofuata zilizidi kuwa kali, upande mmoja ukitaja mawakili na haki ya alama ya biashara, upande mwingine ukijibu kwa matusi. Mwishowe kampuni ikaenda kwa wenye rejista, na mkuu wa npm, Isaac Schlueter, akaamua kuwa jina lihamishiwe kwa kampuni.

Hoja ya npm ilikuwa kwamba mtu anayeandika `npm install kik` ana uwezekano mkubwa wa kutarajia kitu cha kampuni hiyo. Hoja ya Koçulu ilikuwa kwamba kama rejista inaweza kumnyang'anya mtu jina kwa sababu kampuni imetaka, basi rejista hiyo ni ardhi ya mtu binafsi na yeye hataki tena kazi zake zikae hapo. Akataka vifurushi vyake vyote viondolewe. Rejista wakati ule ilimruhusu kila mwenye kifurushi kukifuta mwenyewe wakati wowote, kwa amri ya mstari mmoja:

```
npm unpublish left-pad --force
```

Akafuta vyote 273. Hakuvunja kanuni yoyote, wala hakudukua kitu. Alitumia mlango ambao wenye nyumba waliuacha wazi kwa kila mtu.

Vingi kati ya hivyo 273 viliondoka bila kelele kubwa. Kilichouma ni left-pad, na sababu yake ni pale kilipokuwa kimekaa kwenye mnyororo. Kilikuwa kinatumiwa na line-numbers, kifurushi kinachoweka namba za mistari pembeni mwa kipande cha msimbo. Na line-numbers kilikuwa kinatumiwa na Babel, chombo kinachoubadilisha msimbo wa kisasa wa JavaScript uweze kuendeshwa na vivinjari vya zamani. Kilihitajika humo ili Babel inapokuonyesha kosa, ikuonyeshe pia mstari wa ngapi. Babel nayo ilikuwa imo karibu katika kila mradi mkubwa wa JavaScript wa siku zile, ikiwemo miradi iliyojengwa kwa React. Left-pad kilikuwa kinapakuliwa zaidi ya mara milioni mbili kwa mwezi, na walio wengi kati ya waliokipakua hawakuwa wamekiomba kwa jina.

Sehemu ya ukarabati ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu jinsi rejista inavyofanya kazi. Katika muda wa dakika kumi mwandishi mwingine wa programu alichukua msimbo ule ule na kuuweka tena kwenye rejista kwa jina la left-pad. Kisheria hakukuwa na kizuizi, kwa sababu msimbo ulitolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote aufanyie lolote. Jina nalo lilikuwa limebaki bila mwenyewe. Ungetarajia mambo yaishe hapo. Makosa yakaendelea kumiminika.

Tatizo lilikuwa namba. Kila kifurushi kina namba ya toleo, na anayekitumia anaweza kusema analitaka toleo gani: lolote la karibuni, au hili tu na si jingine. Kifurushi cha line-numbers kilikuwa kimeandika hivi:

```json
"left-pad": "0.0.3"
```

Kilitaka 0.0.3 peke yake. Left-pad kipya kilikuwa kimetolewa kama toleo 1.0.0, kwa hiyo kwa line-numbers kilikuwa sawa na kutokuwapo. Wala mwandishi yule hakuweza kukitoa kwa namba 0.0.3, kwa maana rejista hairuhusu namba iliyokwisha kutumika kutumika tena, hata kama mwanzo ilifutwa. Kanuni hiyo ni ya busara. Bila hiyo mtu angeweza kubadilisha kilichomo ndani ya toleo 0.0.3 leo, na wewe uliyelijaribu na kuliamini jana ukaletewa kitu kingine bila kujua. Siku ile, hata hivyo, kanuni hiyo ya kulinda ndiyo iliyomfungia mlango mtu aliyekuja kuzima moto.

Ilibidi wenye rejista wenyewe wavunje utaratibu wao. Saa kumi na dakika tano jioni ya California walitangaza kwamba watalirudisha toleo 0.0.3 kutoka kwenye nakala zao za akiba, jambo ambalo hawakuwa wamewahi kulifanya, na ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika tano kazi ilikuwa imekwisha. Msukosuko wote ulichukua kama saa mbili na nusu. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa tisa usiku, na wengi wa waandishi wa programu wa Nairobi na Dar es Salaam walikuja kuusoma mkasa huo asubuhi ukiwa umeshakuwa hadithi.

Kuna jambo lililotokea kando ambalo halikupewa nafasi kubwa, nami ningeliweka mbele kuliko hata miradi kukwama. Vifurushi 273 vilipofutwa, majina yake yalibaki wazi. Kabla jioni haijaisha, mtu asiyejulikana kwa wengi alikuwa ameshajiandikishia zaidi ya 200 kati ya majina hayo. Hakuna madhara yaliyotokana na hilo. Lakini fikiria mtu mwenye nia mbaya angeweza kufanya nini. Kifurushi cha npm kinaweza kuja na maagizo yanayotekelezwa kwenye kompyuta yako wakati ule ule kinaposakinishwa, kabla hujafungua hata faili moja. Maagizo hayo yanaendeshwa kwa mamlaka yako wewe, yanaona mafaili yako, nywila ulizozihifadhi na funguo za seva za kampuni yako. Mtu akichukua jina ambalo maelfu ya miradi inaliita kila siku, akaweka namba ya toleo iliyo juu kidogo ya ile ya zamani, miradi yote iliyoandika kwamba inakubali toleo jipya itamfungulia mlango yenyewe.

Mradi unaokwama unakupigia kelele. Skrini inajaa maandishi mekundu na kila mtu anajua kuna shida. Jina lililochukuliwa na mtu mwingine halikuambii kitu. Mradi unajengeka, vipimo vinapita, na unakwenda nyumbani.

Wiki moja baadaye, mwishoni mwa Machi 2016, npm ilibadilisha kanuni. Toleo ambalo halijatimiza saa 24 mwenyewe angeweza kulifuta. Likizidi hapo ilimbidi awasiliane na kampuni, nao wangeangalia kama kuna wanaolitegemea. Na jina lililoachwa tupu lingeshikiliwa na rejista yenyewe kwa kifurushi kisicho na kitu ndani, ili lisichukuliwe na mpita njia. Kanuni hizo zimeendelea kurekebishwa, na npm yenyewe ilinunuliwa na GitHub, inayomilikiwa na Microsoft, mwaka 2020. Sasa unaweza kufuta ndani ya saa 72 tangu kukitoa, mradi hakuna kifurushi kingine kwenye rejista kinachokitegemea. Baada ya hapo lazima mambo matatu yatimie kwa pamoja: kusiwe na kifurushi cha umma kinachokitegemea, kiwe kimepakuliwa chini ya mara 300 katika wiki iliyopita, na kiwe na mwenyewe mmoja tu. La sivyo unachoweza ni kukibandika onyo kwa amri ya `npm deprecate`, ambalo kila atakayekisakinisha ataliona huku kifurushi kikiendelea kupatikana kama kawaida.

Zisome kanuni hizo kwa makini. Zinahesabu vifurushi vya umma vinavyokitegemea. Programu ya kampuni ya bima, mfumo wa malipo wa shule, tovuti uliyomtengenezea mteja wako wa Mombasa, vyote hivyo si vifurushi vya umma. Rejista haivioni. Kama mradi wako unategemea kifurushi kidogo kisichopendwa na wengi, kinachopakuliwa mara mia mbili kwa wiki, mwenyewe anaweza kukifuta kesho bila kuvunja lolote, na wewe hukuhesabiwa popote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi kufuta kusipigwe marufuku kabisa. Rejista za lugha nyingine zimekaribia hapo. Kwenye crates.io ya lugha ya Rust, mwenye kifurushi kwa kawaida hakifuti, anakiondoa kwenye mzunguko: mradi mpya hauwezi kukichagua tena, lakini mradi uliokwisha kukirekodi kwenye faili lake unaendelea kukipata. Hata hivyo kuna sababu moja ya haki ya kufuta ambayo kila aliyewahi kutoa kifurushi anaijua. Unaandika `npm publish` kwa haraka, na ndani ya folda kumebaki faili la `.env` lenye nywila ya hifadhidata ya kampuni. Hapo kila dakika ina thamani. Lakini hata ukifuta ndani ya dakika tano, usijidanganye kwamba siri imerudi kuwa siri. Kuna seva nyingi duniani ambazo kazi yake ni kunakili kila kinachoingia npm mara tu kinapoingia, na hazikuulizi ruhusa. Mwenye uzoefu hubadilisha nywila kwanza, kisha ndipo anafuta kifurushi.

Kanuni ya kulinda wanaotegemea nayo ilikuja kuonyesha upande wake wa pili. Mwishoni mwa Desemba 2023 mwandishi mmoja wa programu pamoja na wenzake walitoa kifurushi kilichoitwa everything, na walichokifanya ni mzaha: kukisakinisha ni kusakinisha kila kitu kilichomo npm. Kwa kuwa kifurushi kimoja hakiwezi kubeba orodha ndefu kiasi hicho, waliigawa katika vifurushi vidogo zaidi ya 3,000 vinavyoitana. Mtu aliyejaribu kukisakinisha alijaza diski ya kompyuta yake. Lakini kero kubwa ilikuwa kwingine. Kama everything kinategemea kila kifurushi, basi kila kifurushi kina kinachokitegemea, na kwa kanuni ile ya kuwalinda wanaotegemea hakuna mtu duniani aliyeweza tena kufuta chochote. Waliotoa kifurushi asubuhi wakagundua kosa mchana walikuwa wamefungiwa. Waandishi wa mzaha wenyewe walipotaka kuuondoa hawakuweza, kwa sababu vifurushi vyao vilikuwa vinategemeana. Ikabidi waombe radhi na kuwasubiri wenye rejista waingilie kati.

Nimesikia watu wakibishana nani alikuwa na makosa mwaka 2016, na mara nyingi wanagawanyika kati ya Koçulu na kampuni. Mimi naona swali gumu liko kwingine. Leseni ya left-pad ilimpa kila mtu haki ya kuutumia msimbo milele, na haki hiyo Koçulu hakuiondoa, wala hakuweza kuiondoa. Alichoondoa ni mahali pa kuuchukulia. Walioutumia walidhani wanamiliki vyote viwili, wakati walichokuwa nacho mkononi ni jina na namba tu, na ahadi ambayo hakuna aliyewahi kuitoa kwamba jina hilo litaitika kila litakapoitwa. Koçulu alikuwa anajitolea bila malipo. Kumlaumu kwa kutouendesha mtambo wa kampuni tajiri ni kumpa kazi ambayo hakuiomba.

Wengi huamini kwamba tatizo hili lilimalizwa na faili la `package-lock.json`, ambalo npm hulitengeneza lenyewe tangu mwaka 2017. Ni faili zuri, lakini halifanyi kile wanachodhani. Ukilifungua unakuta vipande kama hiki:

```json
"node_modules/left-pad": {
  "version": "0.0.3",
  "resolved": "https://registry.npmjs.org/left-pad/-/left-pad-0.0.3.tgz",
  "integrity": "sha512-..."
}
```

Mstari wa `version` unataja toleo kamili, kwa hiyo hutaletewa toleo jipya usilolijaribu. Mstari wa `integrity` ni alama ya utambulisho wa kilichomo ndani: mtu akiweka kitu tofauti kwa jina na namba ile ile, usakinishaji unasimama na kukuambia `EINTEGRITY`. Kwa hatari ya jina kuchukuliwa na mtu mwingine, ulinzi huu ni mkubwa. Lakini utazame mstari wa katikati. Ni anwani tu. Kifurushi chenyewe hakimo kwenye faili hilo. Kikifutwa, faili lako litajua kwa uhakika kabisa kitu gani kimekosekana, na halitaweza kukuletea.

Kinachosaidia ni kuwa na kifurushi chenyewe mahali unapopatawala. Njia ambayo hata ofisi ndogo inaimudu ni kuweka rejista ya ndani, kwa mfano Verdaccio, ambayo ni programu huria inayokaa kati ya wafanyakazi wako na npm. Mtu akiomba kifurushi kwa mara ya kwanza inakwenda kukileta nje na kubaki na nakala. Mara ya pili inatoa nakala yake. Kompyuta inaelekezwa kwa mstari mmoja:

```
npm config set registry http://localhost:4873
```

Hapo `localhost` inabadilishwa kuwa anwani ya seva ya ofisi. Ofisi inayolipia intaneti kwa gigabaiti itaona faida nyingine ambayo haihusiani kabisa na kufutwa kwa vifurushi: watu kumi wakisakinisha mradi ule ule, unaletwa kutoka nje mara moja.

Kujua kama kweli umejilinda, usisome maelezo, fanya jaribio. Jenga mradi mara moja kupitia rejista ya ndani ili ikusanye kila kitu. Kisha katia seva hiyo intaneti, nenda kwenye kompyuta ya kazi, futa folda la `node_modules`, safisha akiba yake, na usakinishe upya:

```
rm -rf node_modules
npm cache clean --force
npm ci
```

Amri ya `npm ci` inafuata faili la kufuli neno kwa neno, haijitungii matoleo. Ikimaliza salama, vifurushi vyote viko kwako. Ikikwama, itakutajia jina la kilichokosekana, na unaweza kuuliza kimeingiaje kwenye mradi kwa `npm ls --package-lock-only` ukifuatisha jina hilo. Mara nyingi jibu linakuwa la kushangaza, hatua nne au tano chini ya kitu ulichokiomba mwenyewe.

Jaribio hilo hufichua pia jambo ambalo rejista ya ndani haiwezi kulitatua peke yake. Kuna vifurushi ambavyo kwenye npm ni vyepesi, lakini vikisakinishwa vinakwenda kupakua mzigo wao mkubwa kutoka seva nyingine kabisa. Puppeteer, kwa mfano, huleta kivinjari kizima. Mzigo huo haupiti kwenye rejista, kwa hiyo Verdaccio hauoni na haubaki na nakala yake. Kwa vifurushi vya aina hiyo inabidi kutafuta mpangilio wa kila kimoja na kukielekeza kwenye nakala uliyoihifadhi mwenyewe, kazi ya kuchosha ambayo timu nyingi huiahirisha mpaka siku seva ile ya nje inapokosekana.